Bei inapanda, lakini biashara inapunguka

(Mazungumzo kwa wanachama wakulima wa kahawa)

Tunaanza na kosa yetu wenyewe. Msimu uliopita, muliporudia kupanda na kuvuna kahawa kwenye mashamba muliyoyaacha, muzigo wa kwanza ulikuwa ndani ya depo. Tuliona kwenye telefone bei ya New York imepanda siku tano mfululizo, tukawaambia: ngojeni, musiuze. Wiki mbili nyuma bei ilishuka, na wengine walikuwa wamekwisha kukopa feza ya minervali ya watoto. Tulisoma bei tu. Chini yake kulikuwa mustari mwingine, umeandikwa Volume, na hatukuuangalia. Leo tuusome pamoja.

Kule New York hawauzi magunia mukononi. Wanauziana mikataba ya kahawa arabika, na mukataba mumoja ni ratili 37,500, maana yake karibu tani 17. Volume ni hesabu ya mikataba iliyouzwa na kununuliwa siku ile. Mutu akiuza mumoja na mwengine akiununua, tunahesabu mumoja, si miwili. Kwa hiyo tusiseme «leo wanunuzi walikuwa wengi kuliko wauzaji»: kila mukataba uko na pande zote mbili. Volume inatuonyesha tu ni biashara ngapi ilifanyika kwa bei ile.

Tuchukue mufano, hesabu tumezitunga wenyewe. Siku ya kwanza ratili ni senti 180, mikataba 30,000. Ya pili senti 183, mikataba 26,000. Ya tatu senti 186, mikataba 21,000. Ya ine senti 188, mikataba 15,000. Ya tano senti 189, mikataba 11,000. Mwenye kusoma bei anafurahi. Lakini angalieni vizuri: siku mbili za mwisho bei inapanda kidogo kuliko mbele, na kila siku mikataba inayofanywa inapunguka.

Ni sawa na soko yetu ya maharagi siku ya mvua. Wauzaji wengi wamebaki nyumbani, wanunuzi wawili wanakuta debe tatu tu, bei inaruka. Si kwamba kijiji kizima kimetaka maharagi. Wauzaji wakirudi siku ya soko inayofuata, na wanunuzi ni wale wale wawili, bei inaanguka. Vile vile bei iliyopanda juu ya biashara ndogo inaweza kuonyesha kwamba wanunuzi wapya hawaji tena, na muzigo kidogo tu wa kuuzwa utaisukuma chini.

Tunasema «inaweza», sababu alama hii inadanganya pia. Kwanza, karibu na Noeli wafanyabiashara wengi wanapumuzika, Volume inakuwa ndogo bila maana kubwa. Pili, na hapa ndipo watu wengi wanakosea: kila mukataba uko na mwezi wake, Machi, Mei, Julai, Septemba ao Desemba. Mbele mwezi wenyewe uanze, wafanyabiashara wanahamia mwezi unaofuata. Mukiangalia mwezi unaokwisha, mutaona Volume inakauka kila siku, kumbe biashara imehamia kwa jirani. Muangalie mwezi wenye biashara nyingi, na mulinganishe siku ya leo na kadiri ya siku makumi mbili zilizopita, si na jana peke yake.

Tena Volume kubwa haizuie bei kushuka. Tarehe 20 Julai 2021 baridi kali iliunguza mikahawa kule Brezili. Watu walikimbilia kununua, biashara ikawa kubwa sana, na ndani ya siku chache bei ikavuka dola 2 kwa ratili. Pale kulikuwa sababu inayoonekana shambani. Hata hivyo, mwanzo wa Agosti bei ilikuwa imerudi chini ya dola 2, mbele ya kupanda tena miezi iliyofuata.

Basi tunafanya nini? Tusikilize bei, kisha tuulize maswali matatu: Volume inakua ao inapunguka? Tunaangalia mwezi gani? Kuko habari ya kweli, kama baridi ao ukame, inayoeleza bei hii? Kama bei inapanda, Volume inapunguka wiki nzima, na habari hakuna, tusikope juu ya bei ambayo haijafika. Sisi tungeuza nusu ya muzigo na kuacha nusu ingoje. Bei ikiendelea kupanda, tumepoteza kidogo. Ikianguka, minervali imekwisha kulipwa.

Komite itafungua daftari yenye safu tatu: tarehe, bei, Volume. Tutaijaza kila jioni, na mukutano unaofuata tutaisoma mbele yenu wote.