Sudfa Haina Kumbukumbu
Mhadhara wa umma, Likasi



Kila palipo na bahati nasibu husikika lalamiko moja: kwamba namba za wiki hii zina jozi iliyofuatana, tuseme 23 na 24, na kwamba mojawapo ilitoka pia wiki iliyopita, basi mashine ile haikosi mkono wa mtu. Ili kuipima dhana hiyo twahitaji kwanza mashine isiyofikiwa na hila za binadamu yeyote, nayo tunayo hapa jirani, Shinkolobwe, katika madini yale ya urani yaliyogunduliwa mwaka 1915, ambayo baadaye yalivushwa bahari hata New York na kuingia katika bomu lililoiteketeza Hiroshima.

Kiini cha atomi ya urani huvunjika kwa wakati wake, wala moto wa tanuri wala baridi ya Juni haviwezi kukiharakisha au kukichelewesha. Basi liweke jiwe hilo mbele ya kihesabio cha Geiger, kwa umbali wa kutosha ili milio isikike mmoja mmoja, kisha utege sikio: haitakujia kwa mwendo wa saa ya ukutani, bali itakuja mitatu kwa mkupuo, inyamaze, ije miwili, inyamaze tena kitambo kirefu, hata asiyekizoea chombo hicho akadhani kimeharibika.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1910, mjini Manchester, Rutherford na Geiger walihesabu chembe za alfa zilizotoka katika poloniamu, wakaugawa muda wao katika vipindi 2,608, kila kimoja sekunde saba na nusu. Wastani ukawa chembe 3.87 kwa kipindi. Lau kama maumbile yangegawa kwa usawa ule tunaoutarajia sisi, kila kipindi kingepata chembe tatu au nne. Lakini vilivyopata hizo vilikuwa 1,057 tu, hata nusu havikufika. Vipindi 57 havikupata chembe hata moja, na vingine 16 vilipata kumi au zaidi. Na kanuni ya Poisson, ambayo haijui lolote ila huo wastani, hudai vipindi vitupu vipatavyo 54.

Sababu yake ni kwamba kiini hakina kumbukumbu. Mlio unaofuata waweza kuja katika sekunde ya kwanza, au ya pili, au ya kumi. Ila ili uje katika ya kumi ni sharti tisa zilizotangulia zipite kimya, na ili uje katika ya kwanza hakuna sharti lolote. Kwa hiyo vituo vifupi ni vingi kuliko virefu, na milio hurundikana bila ya kitu chochote kuirundika. Milio iliyopangwa kwa nafasi sawa ndiyo ingenitia shaka, maana ingehitaji mpangaji.

Na tuirudie sasa mipira ya bahati nasibu, tuseme inachaguliwa sita kati ya 49. Jumla ya machaguo ni 13,983,816. Tukitaka kujua ni mangapi yasiyo na namba mbili zinazofuatana, tuipange safu mipira 43 isiyochaguliwa; kati yake na kwenye ncha zake mbili pana nafasi 44, na kila mmoja wa ile sita lazima ukae katika nafasi yake peke yake. Njia za kufanya hivyo ni 7,059,052, nusu ya jumla na ziada kidogo. Yaani karibu nusu ya michezo yote, kwa haki tupu, itatoa jozi inayofuatana. Ama kurudia walau namba moja ya mchezo uliotangulia, hilo hutokea mara 56 katika mia.

Tarehe 1 Desemba 2020, huko Afrika Kusini, ilitoka mipira 5, 6, 7, 8 na 9, na wa ziada ukawa 10, watu wakapiga kelele za wizi. Na washindi walikuwa 20, jambo lililozidisha shaka. Lakini safu hiyo ilikuwa na nasibu ileile ya safu nyingine yoyote. Wingi wa washindi ni habari ya wachezaji, ambao aghalabu hupenda namba zenye mfuatano.

Je, wizi wa kweli haupo? Upo. Tarehe 24 Aprili 1980, huko Pennsylvania, Marekani, mipira ilidungwa rangi ndani ili iwe mizito, isipokuwa ile ya 4 na 6, ikatoka 666. Namba hiyo peke yake si ithibati, kwani hutarajiwa mara moja katika elfu kama 271 au 908. Kilichowafichua wezi ni fedha: kabla ya mchezo yalikuwa yamemiminika madau makubwa mno juu ya namba nane tu, zile ziwezazo kuundwa kwa 4 na 6.