Anayekoroma Hana Ushahidi



Mhadhara huu umezaliwa na ubishi wa mezani. Tukinywa chai, mwenzangu ninayemheshimu alisema kuwa kupima pumzi za mtu anayekoroma ni anasa, kwani mashine ya hewa haizuii kiharusi. Kwake, utafiti wa SAVE wa mwaka 2016 ulikwisha kumaliza kesi. Sikulala vizuri usiku ule, na mimi sikoromi.

Ya koo nayapita mbio. Misuli hulegea, ulimi na kaakaa laini huziba njia, kifua kinavuta hewa isiyoingia. Oksijeni inashuka, ubongo unashtuka, presha inaruka, mtu anafoka na kupumua tena bila kukumbuka kwamba aliamka. Kila mzibo wa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa; ikifika 30 kwa saa, hali ni kali. Usiku presha ya mtu mzima hushuka kwa asilimia 10 hadi 20. Ya huyu hugoma kushuka.

Sasa turudi kwa SAVE. Walichunguzwa watu 2,717 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo. Ni kweli, mashine haikupunguza kiharusi wala mshtuko wa moyo. Lakini wastani wa kuivaa ulikuwa saa 3.3 kwa usiku! Mtu akinywa nusu ya dozi ya malaria asipone, hatuandiki kwamba dawa ni bure. Tena, waliokuwa wakisinzia kupita kiasi mchana hawakuingizwa kabisa. Yaani mgonjwa ninayemhofia zaidi, yule anayeshika usukani, hakuwamo. Na hata hao waliobaki walipungukiwa na usingizi wa mchana. Mwenzangu alilisoma hitimisho, akaruka ukurasa wa nani aliachwa nje.

Namkubalia jambo moja: kwa wastani mashine hushusha presha kwa milimita 2 au 3 tu. Vidonge haviachwi. Kwa wale ambao presha imekaidi dawa tatu, faida huwa kubwa zaidi kidogo.

Kuhusu mashine hii, makala ninayoipenda kuliko zote ni ya Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, ya mwaka 1981. Wagonjwa watano tu! Leo mwanafunzi akiniletea watano namrudisha. Walivalishwa kinyago cha puani, wakapulizwa hewa ya shinikizo dogo, kati ya sentimita 4.5 na 10 za maji, na koo likabaki wazi usiku kucha. Hewa yenyewe ndiyo iliyogeuka mhimili wa koo. Kabla ya hapo aliyezidiwa alitobolewa shingo. Naisoma kila mwaka kama mtu anavyorudi kwenye barua ya zamani.

Nije kwa dereva wangu. Alikuwa akibeba majani chai, miaka 52, vidonge vitatu vya presha, na bado 168 kwa 104. Majani yakiwa yanapimwa kituoni, yeye alikuwa amelala juu ya usukani, mdomo wazi. Chumbani kwangu alijibu kila swali kwa heshima: analala vizuri, hana shida. Nikamwomba mkewe aingie. Mama aliketi, akafungua simu, akaniwekea sauti: mkoromo, kisha kimya. Nikahesabu sekunde 24 kwa saa ya mkononi kabla ya kile kishindo cha kurudi kwa pumzi. "Daktari, huwa nampiga mbavu ndiyo apumue," alisema.

Maswali manane ya Frances Chung wa Toronto, ya mwaka 2008, tuliyajibu hapo hapo: anakoroma, anachoka, ameonekana akikata pumzi, ana presha, amepita 50, ni mwanamume. Shingo niliipima kwa futi ya fundi cherehani, sentimita 44, wakati mpaka ni 40. Unene wake tu haukufika mpaka wa dodoso. Alama 7 kati ya 8. Kuanzia 5 hatari ni kubwa. Kipimo cha usiku mmoja kikatoa mizibo 38 kwa saa.

Aliacha pombe ya jioni, akaongezewa spironolakitoni, akapata mashine. Usukani aliuacha mpaka kusinzia kulipokwisha. Baada ya miezi mitatu alisoma 142 kwa 90. Ni kipi kilichofanya kazi? Siwezi kuapa, na mwenzangu atanicheka kwa haki.

Hata hivyo, imani yangu haijatikisika: shahidi wa kwanza ni anayelala kitanda kimoja naye, na fomu ya kliniki ya presha isiyo na nafasi ya kumuuliza ina tundu. Tena mkewe dereva si shahidi tu: umeme ulipokatika usiku mmoja wa mvua, mashine ilizimika. Mama aliwasha tochi ya simu, akachukua fulana kuukuu aliyoishonea mfuko mgongoni, akatia mpira wa watoto ndani, akamvalisha. Mzee hakuweza kulala chali hadi asubuhi.

Kinyago alikirudia umeme uliporudi. Ile fulana bado imetundikwa nyuma ya mlango.