Unawasikia, wao hawakusikii

Leo nazungumza nawe kuhusu simu za video, zile unazopiga kwa Zoom au WhatsApp, pale unapowaona watu na kuwasikia vizuri, ila wao wanaona mdomo wako unacheza tu.

Kuna kijana wa hapa kambini aliyekuwa na usaili wa ufadhili wa masomo kwa Zoom, dakika ishirini tu. Alikwenda kukaa nje ya kibanda cha kuchajisha simu, maana pale mtandao unashika na chaji haikatiki. Usaili ukaanza, akawasikia walimu wanamsalimu. Akajibu. Wakamwandikia kwenye ujumbe kwamba hawamsikii, wanasikia mngurumo wa mashine. Akapaza sauti mpaka watoto wakakusanyika kumtazama, lakini wapi.

Baada ya dakika nane hivi mwenye kibanda akazima spika yake ya muziki. Ghafla sauti za walimu zikahamia kwenye simu ya kijana, nao wakaanza kumsikia. Hapo ndipo alipoelewa. Wiki iliyotangulia alikuwa ameunganisha simu yake na ile spika kwa Bluetooth apige nyimbo. Simu ikikutana tena na kifaa inachokijua, Bluetooth ikiwa wazi, hujiunga yenyewe bila kukuuliza. Spika nyingi za namna hiyo zina maikrofoni ndani. Kwa hiyo walimu walikuwa wakisikiliza kupitia spika iliyokuwa ndani ya kibanda, karibu na jenereta, na yeye yuko nje. Sauti zao nazo alizisikia kutoka mle ndani, akadhani ni simu yake inapiga kelele.

Basi wakikwambia hawakusikii, usianze kupiga kelele. Waulize, hata kwa kuandika: mnasikia nini? Wakisema wanasikia vitu vya mahali pengine, simu imechagua kifaa kisicho sahihi. Vuta chini sehemu ya juu ya kioo cha simu, uguse alama ya Bluetooth kuizima. Mazungumzo hayatakatika, sauti itarudi kwenye simu baada ya sekunde chache. Ukitaka jambo hilo lisijirudie, ingia Settings, kisha Bluetooth, tafuta jina la ile spika, uchague Forget au Unpair. Muziki utauunganisha upya siku nyingine.

Wakisema hawasikii kitu chochote, kimya kabisa, hapo sababu ni nyingine. Kwa Zoom, tazama alama ya kwanza chini ya kioo. Ukiona maikrofoni yenye mstari mwekundu, umejifunga mwenyewe, iguse ifunguke. Ukiona alama ya spika za masikioni na maneno Join Audio, bado hujaingia kwenye sauti. Iguse, uchague Wifi or Cellular Data.

Zote ziko sawa na bado kimya? Basi huenda siku ya kwanza Zoom ilipokuomba ruhusa ya maikrofoni uligusa Don't allow. Wengi tunafanya hivyo kwa haraka, au kwa woga, na sikulaumu. Kwenye simu za Android nenda Settings, Apps, Zoom, Permissions, Microphone, uguse Allow only while using the app. Majina yanaweza kutofautiana kidogo simu kwa simu, lakini njia ni hiyo. Kisha toka kwenye mkutano uingie tena.

Na kama una waya wa masikioni, uchomoe. Ile maikrofoni ndogo ya kwenye waya inaweza kufa huku spika zake zikiwa bado nzima, na simu haijui kwamba imekufa. Inaendelea kuitegemea.

Unataka kujua kama maikrofoni ya simu yenyewe ni nzima? Jirekodi ujumbe wa sauti wa WhatsApp, usikilize. Sauti yako ikisikika, usimpe fundi pesa. Huenda tatizo liko kwenye ruhusa au kwenye kifaa kilichochaguliwa. Sauti inayokatika vipande vipande pande zote mbili ni mtandao, hiyo haitibiwi kwa haya. Zima picha ubaki na sauti peke yake.

Wewe mwenye usaili wiki hii, fungua zoom.us/test leo jioni. Ni mkutano wa kujaribia tu. Fanya jaribio hilo palepale utakapokaa siku yenyewe, na saa ileile, spika ya jirani ikiwa inapiga.