Nyongeza za Bima: Je, Zafaa Gharama Yake?

Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Mwaka huu mwanachama mmoja, mwenye mke na watoto wawili, aliniletea hati ya bima ya matibabu ili nimsaidie kuipima. Bima yake ya kulazwa hospitalini ilikuwa na kikomo cha shilingi 1,000,000. Wakala alimshauri apunguze kikomo hicho hadi 500,000, na fedha atakazookoa azitie katika nyongeza ya matibabu ya bila kulazwa. Ada ya nyongeza ilikuwa shilingi 24,000 kwa mwaka, na kikomo chake 50,000.

Tuliketi tukahesabu. Kwa risiti alizozihifadhi, jamaa yake ilikwenda kwa daktari mara tisa mwaka uliopita, na kila safari iligharimu kiasi cha shilingi 2,200. Hati ilimtaka alipe mwenyewe shilingi 500 kila safari. Basi kampuni ingalilipa 1,700 tu, ambayo mara tisa ni 15,300. Angalitoa 24,000 ili apate 15,300. Ili arudishiwe ada yake, ingempasa aende safari kumi na tano.

Tena, hata mwaka wa maradhi mengi, faida yake isingezidi 26,000, yaani kikomo kuondoa ada. Lakini mtu akilazwa kwa upasuaji mkubwa, zile 500,000 alizoambiwa aziache ndizo zitakazomfanya auze shamba ama asiuze. Nyongeza hufaa zaidi jamaa yenye mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu anayenunua dawa kila mwezi. Naye aulize kwanza kama ugonjwa huo umekubaliwa, kikomo chake ni kipi, na angoje miezi mingapi.

Nyongeza ya ajali ni jambo jingine, kwani ada yake ni ndogo na fidia yake kubwa. Walakini hailipi kifo cha maradhi. Mtu akipoteza kiungo, hulipwa sehemu tu ya fedha, kwa kadiri ya jedwali lililomo katika hati. Aliyeajiriwa hulindwa na sheria ya fidia ya mwaka 2007 aumiapo kazini. Kwa hiyo apime hasa hatari za nje ya kazi. Ndugu yetu huyu hupanda pikipiki kila siku, na tuliposoma orodha ya mambo yasiyolipwa, pikipiki ilikuwamo. Nyongeza ile isingemlinda katika hatari aliyoiogopa zaidi.

Alibakiza kikomo chake cha kulazwa, akaacha nyongeza zote mbili, na sasa huweka akiba ya shilingi 2,000 kila mwezi kwa ajili ya daktari. Isipotumika, ni yake.

Wenzangu, kabla ya kutia sahihi, leteni risiti za mwaka mzima pamoja na ukurasa wa mambo yasiyolipwa.