Kutaja Kifungu, Ankara na Barua kwa Kifaransa Pasipo Utata
(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika mbele ya Makatibu wa Vyama vya Msingi)



Baadhi ya vyama vyetu huuza kahawa kwa wanunuzi wa Ubelgiji na Ufaransa, na vingine hufanya biashara na jirani zetu wa Burundi na Kongo, ambako barua nyingi za ofisi huandikwa kwa Kifaransa. Sikuja hapa kufundisha lugha hiyo. Nitasema jambo moja tu, nalo ni namna ya kutaja kifungu cha mkataba, ankara au barua iliyotangulia, hata yule anayesoma upande wa pili asipate nafasi ya kuelewa kitu kingine.

Tuchukue mfano. Chama kimepeleka magunia 120 ya kahawa, nayo yamepokelewa na mnunuzi tarehe 8 Machi 2024. Tarehe 11 Machi katibu ametoa ankara Na. 18. Tarehe 14 Machi ameandika barua akiomba muda wa malipo upunguzwe kutoka siku 30 hadi siku 15. Tarehe 20 Machi mnunuzi anajibu kwa barua pepe:

« Suite à votre lettre et à la facture de la livraison, nous vous informons qu'elle ne peut être acceptée en l'état. »

Maana yake ni kwamba, kufuatia barua yenu na ankara ya mzigo uliopelekwa, haiwezi kukubaliwa kwa hali ilivyo. Ni nini hicho kisichoweza kukubaliwa? Neno lenye matata ni *elle*. Katika Kifaransa kila jina ni la kiume au la kike, na kiwakilishi hufuata jinsi ya jina. Mkataba, *le contrat*, ni wa kiume. Hati ya kupokelea mzigo, *le bon de livraison*, nayo ni ya kiume. Lakini barua, *la lettre*, ankara, *la facture*, na mzigo uliopelekwa, *la livraison*, yote matatu ni ya kike. Kwa hiyo *elle* yaweza kuwa lolote kati ya hayo. Nasi tunalifahamu tatizo hili katika lugha yetu, kwani ankara na barua zote ni za ngeli moja, na mtu akisema "imekataliwa" hujui ni ipi.

Tofauti yake si ndogo. Ikiwa ni barua, basi ombi la siku 15 limekataliwa na hakuna zaidi. Ikiwa ni ankara, kuna kosa la kurekebishwa. Ikiwa ni mzigo, kahawa yenyewe imekataliwa. Tuseme mkataba huu una ibara ya 7 yenye aya mbili: ya kwanza yaeleza malipo, na ya pili yampa mnunuzi siku 14 tangu kupokea mzigo kulalamikia ubora wake. Siku hizo zinakwisha tarehe 22 Machi. Barua pepe ya tarehe 20 imo ndani ya muda ikiwa yahusu kahawa. Kama yahusu ankara tu, mnunuzi hajalalamika bado.

Katibu mmoja aliwahi kuniuliza: je, si afadhali kunyamaza hadi siku zipite? Jibu langu ni hapana. Shauri likifika kwa wasuluhishi, mnunuzi atasema alikusudia mzigo, na sentensi yake haitamkanusha. Andika siku ile ile, namna hii:

« Dans votre courriel du 20 mars 2024, premier alinéa, vous écrivez : "elle ne peut être acceptée en l'état". Le mot "elle" désigne-t-il notre lettre du 14 mars 2024, notre facture n° 18 du 11 mars 2024 ou la livraison reçue le 8 mars 2024 ? »

Tazameni kilichofanyika hapo. Maneno ya mnunuzi yamenukuliwa kama yalivyo, wala hayakuelezwa upya kwa maneno yetu. Kila hati imepewa jina lake, mwenye kuitoa na tarehe, na ankara imepewa namba pia. Mwezi umeandikwa kwa herufi. Wafaransa hutanguliza siku kama sisi, lakini 03/04 ikipitia mikononi mwa watu wa mataifa mengine yaweza kusomwa kuwa tarehe 4 Machi. Epukeni vile vile *le 12 courant*, yaani tarehe 12 ya mwezi huu, kwa sababu barua iliyoandikwa mwisho wa mwezi husomwa mwezi mwingine.

Sasa kifungu cha mkataba. Neno *clause* lahusu sharti kwa maudhui yake, kama sharti la malipo. Mahali penye namba huitwa *article*, na kila aya ndani yake ni *alinéa*. Hivyo ibara ya 7, aya ya pili, ni « l'article 7, deuxième alinéa ». Hapa pana mtego. Ibara ikiwa na orodha ya a, b na c, je, kila mstari wa orodha ni aya inayojitegemea? Hata serikali ya Ufaransa ililazimika kutoa waraka mwaka 2000 juu ya namna ya kuhesabu aya katika sheria, na kila panapoanza mstari mpya pakahesabiwa. Mkataba wa biashara haufungwi na waraka huo, na mwenzako huenda anahesabu kwa njia ya zamani. Dawa ni kutaja maneno ya kwanza ya aya:

« l'article 7, deuxième alinéa, commençant par les mots "Toute réclamation" ».

Hapo, hata hesabu zikitofautiana, macho yote yatatua mahali pamoja. Ikiwa mkataba umekwisha rekebishwa kwa nyongeza, ambayo kwa Kifaransa ni *avenant*, ongezeni « tel que modifié par l'avenant n° 1 », pamoja na tarehe yake.

Mtaona pia neno *ladite*, kama katika *ladite facture*, yaani ankara hiyo iliyotajwa. Ni zuri kuliko *elle*, kwa kuwa linarudia jina la kitu. Lakini ankara zikiwa mbili katika barua moja halisaidii kitu. Rudieni namba, hata kama barua itachosha kusoma.

Mwisho, tuseme mnunuzi amejibu kwamba alikusudia ankara, maana uzito umekosewa. Msitoe ankara ya pili mkainyamazia ile ya kwanza, kwani zitakuwa madeni mawili vitabuni mwake, au atalipa ile isiyo sahihi. Ipeni ankara mpya namba yake, tuseme 21, na juu yake mwandike:

« La présente facture annule et remplace la facture n° 18 du 11 mars 2024. »

Yaani ankara hii inafuta na kuchukua nafasi ya ile. Mkisomeana namba kwa simu, kumbukeni kwamba 72 kwa Mfaransa ni *soixante-douze*, na asiyezoea huandika 60, kisha 12. Mbelgiji, Mkongo na Mrundi husema *septante-deux*. Mwombeni asome tarakimu moja moja, kisha namba hiyo ithibitishwe kwa maandishi siku hiyo hiyo.