Kumsoma maksai kwenye picha kabla ya kwenda mnadani



Vikundi vyetu vya kunenepesha ng'ombe hununua maksai katika minada ambako bei bado hupatanwa kwa macho, bila mizani. Mnunuzi wetu akiwa mbali hututumia picha mbili za kila mnyama, moja ya ubavuni na moja ya nyuma, nasi huamua yupi afuatiliwe. Leo tunaeleza jinsi tunavyozisoma picha hizo.

Picha isiyo na kipimo ndani yake haina uzito wowote. Kwa hiyo mnunuzi hubeba fimbo ya mita moja iliyopakwa rangi, naye hupiga picha akiwa mita tano kutoka kwa mnyama, kamera ikiwa usawa wa katikati ya kifua. Katika picha ya ubavuni fimbo husimamishwa mbele ya mnyama, katika mstari wa uti wa mgongo wake. Katika picha ya nyuma msaidizi huishika kando ya mbavu, karibu na bega. Asiishike karibu na mkia, kwa kuwa kifua kiko mbali zaidi na kamera kuliko mkia. Jambo hili wengi hulipuuza. Fimbo ikiwa mita moja mbele ya mnyama, kifua chenye kimo cha sentimita 62 kitasomeka kama 50, na picha zote mbili zikipigwa hivyo, uzito utaonekana karibu nusu ya ule wa kweli.

Tuchukue maksai mmoja wa zebu wa pembe fupi. Picha ya ubavuni imechapishwa, na fimbo inasomeka sentimita 10 kwenye karatasi. Kimo cha kifua, nyuma tu ya mguu wa mbele, ni 6.2, yaani sentimita 62 halisi. Nundu haihesabiwi, wala ngozi inayoning'inia chini ya kidari. Kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio ni 12.5, yaani sentimita 125. Katika picha ya nyuma fimbo ni sentimita 5 na upana wa kifua ni 1.9, yaani sentimita 38. Tunajumlisha 62 na 38, tunagawanya kwa 2 na kuzidisha kwa 3.14, tunapata mzingo wa kifua wa sentimita 157. Kisha:

157 × 157 × 125 ÷ 10,840 = kilo 284

Upana ndio kipimo dhaifu kuliko vyote, maana kwa nyuma tumbo hukificha kifua. Maksai aliyenyweshwa maji mengi asubuhi ya mnada hutanuka tumbo. Tukisoma 43 badala ya 38, hesabu ileile inatoa kilo 313, na kikundi kinalipia kilo 29 ambazo hazipo. Ndiyo maana sisi huichukulia 284 kuwa mahali fulani kati ya 255 na 315, na mnunuzi hufunga utepe kifuani kwa mkono wake kabla ya kutoa fedha.

Kwa mafuta, picha ya nyuma ina faida zaidi. Tunaangalia kwanza shina la mkia. Likiwa na mashimo pande zote mbili, na mifupa ya makalio imechongoka, mnyama hana mafuta. Mashimo yakijaa na mifupa ikawa ya mviringo, mafuta yamekwisha tanda. Kisha tunashuka kati ya mapaja, mahali palipokuwa na pumbu: mfuko uliojaa ni dalili ya maksai aliyeiva kwa kuchinjwa, na uliosinyaa ni wa aliyekonda. Ubavuni tunahesabu mbavu zinazoonekana na kuangalia kama kidari kimejaa. Hapa jua huweza kudanganya. Likiwa chini, vivuli huzichora mbavu za mnyama wa wastani hadi aonekane mifupa mitupu, na nywele ndefu huzificha mbavu za aliyekonda.

Anayenunua kwa ajili ya bucha atamtaka yule aliyejaa shina la mkia. Sisi tunaolisha kwa miezi mitatu tunamtafuta mwenye mifupa mirefu, kifua kirefu na mashimo kando ya mkia, kwa sababu mnyama aliyekonda kwa ukame hurudisha mwili upesi akipata chakula. Yule aliyenona tayari tungemlipia bei ya mafuta na kumwongezea kidogo tu.

Lakini kukonda kwa ukame na kukonda kwa minyoo au uzee huonekana sawa kabisa kwenye picha. Kwa hilo mnunuzi hana budi kufunua kope aone kama ni nyekundu au zimepauka, kufungua kinywa ayaangalie meno, na kumtembeza maksai hatua ishirini.