Anwani Moja Tu Mlangoni: Kuilinda Paneli na Kanzidata ya Seva ya Wingu
Mada kwa maofisa TEHAMA wa Katavi, Mpanda

Maana ya VPN na ya ukuta wa moto nitazipita mbio, kwani hakuna hapa asiyezijua. Itoshe kukumbusha kwamba modemu za laini ya simu, ambazo ndizo tegemeo la ofisi zetu nyingi, aghalabu hazina anwani ya kudumu, na anwani moja ya nje huweza kutumiwa na wateja wengi kwa wakati mmoja. Hivyo mwenye kuiruhusu anwani ya modemu yake huwa amewaruhusu pamoja naye watu asiowajua. Ndiyo sababu ofisi hukodi seva ndogo ya VPN yenye anwani isiyobadilika, na seva kuu ikaamrishwa kuikubali hiyo peke yake.

Lililonishughulisha kwa miaka ni jingine. Tuseme chama cha wakulima wa tumbaku kimeweka kwenye seva ya Ubuntu kanzidata ya PostgreSQL, yenye majina, simu na malipo ya wanachama, na kanzidata hiyo inaendeshwa ndani ya kontena la Docker. Fundi, kwa hadhari njema, ameandika:

```
ufw default deny incoming
ufw allow from 203.0.113.10 to any port 5432 proto tcp
```

Akitazama `ufw status verbose` anaona kila kitu kimefungwa ila kwa anwani ya VPN, akaandika ripoti, na wakubwa wakaridhika. Walakini achukue simu yake, azime VPN na Wi-Fi, kisha kwa data ya kawaida aijaribu poti hiyo kwa `nc -vz`: atajibiwa `succeeded`. Mlango uko wazi kwa dunia nzima, ilhali bawabu anaapa kwamba hakupita mtu.

Wala bawabu hasemi uongo. Kontena linapotangazwa kwa `5432:5432`, Docker huandika kanuni zake katika jedwali la `nat`, na pakiti inapowasili hubadilishiwa mwisho wa safari yake, ikaelekezwa kwenye anwani ya ndani ya kontena, kabla haijafika kwenye mnyororo wa `INPUT` ambako ufw hukaa. Tangu hapo huhesabiwa kuwa mpita njia, ikashika mnyororo wa `FORWARD`, ambako Docker yenyewe imekwisha kuipa ruhusa. Na paneli ya usimamizi, ikiwa nayo imo ndani ya kontena, hali yake ni hiyo hiyo.

Dawa iliyo nyepesi ni kutoitangaza poti kabisa: programu na kanzidata zilizo katika mtandao mmoja wa Docker huonana bila hivyo. Ikiwa mhasibu analazimika kuifikia kutoka ofisini, kanuni iwekwe katika `DOCKER-USER`, mnyororo ambao Docker imewaachia wenye seva:

```
iptables -I DOCKER-USER -i eth0 -p tcp ! -s 203.0.113.10 -m conntrack --ctorigdstport 5432 --ctdir ORIGINAL -j DROP
```

Jina `eth0` lilinganishwe na la seva yenyewe, na kanuni ihifadhiwe, kwani seva ikizimwa na kuwashwa hupotea. Na mwenye IPv6 ajue kwamba amri hii haiigusi.

Kosa la pili hutoka upande wa ofisi. Katika WireGuard, `AllowedIPs` ikitaja mtandao wa ndani tu, safari ya kwenda seva kuu hupitia modemu, nayo hukataliwa kwa haki. Hapo ndipo nimesikia, mara nyingi kuliko nipendavyo, mkubwa akiamuru pafunguliwe kwa wote “kwa muda tu”, na muda huo usiwe na mwisho. Mwezi wa Januari 2017 makumi ya maelfu ya kanzidata za MongoDB zilizoachwa wazi zilifutwa, na wenyewe wakadaiwa fidia. Nasi leo tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Napendekeza basi, kwa heshima zote, kwamba ukuta wa moto wa mtoa huduma ya wingu, ulio nje ya seva na usioweza kurukwa na Docker, utangulizwe kuliko ufw. Kwamba anwani ya seva kuu iongezwe kwenye `AllowedIPs` za kila kompyuta. Kwamba ripoti ya `ufw status` isipokelewe pasipo jaribio la simu iliyozimwa VPN, nalo lirudiwe kila kontena linapobadilishwa. Na kwamba nywila ya konsoli ya mtoa huduma ihifadhiwe kwa watu wawili, kwani siku seva ya VPN itakapokufa, hiyo konsoli ndiyo njia pekee itakayobaki ya kuingia na kubadilisha anwani.